Pembe za kuta zisizonyooka

Mjini Goma, fundi mmoja aliyekimbia vita anafunga mbao za chini ya ukuta katika nyumba ya watu. Akiharibu ubao, bei yake inakatwa kwenye malipo yake. Kuta zimepinda, kwa hiyo haamini nyuzi 45.

Kwenye pembe ya nje, anaegemeza kipande cha ubao ule ule kwenye ukuta mmoja, anachora mstari sakafuni mbele yake, kisha anafanya vile vile upande wa pili. Mistari inapokutana, anaiunganisha na ncha ya ukuta. Huo ndio mshazari wa kukatia mbao zote mbili.

Kwenye pembe ya ndani, ubao wa kwanza unafika hadi ukutani. Wa pili anaukata mshazari ili umbo la uso wake lionekane, kisha anafuata ukingo wa umbo hilo kwa msumeno mwembamba, akiulaza ili kupunguza mti wa nyuma. Uso pekee ndio unaogusa. Mwanga ukipita, anakwangua tena kabla ya kupiga misumari. Mbao zikikauka na kusinyaa, ufa wa hapo hauonekani upesi.