Stetimenti ya M-Pesa Sio Hesabu ya Ploti ya Mathe

Juni mwaka jana, 2025, mathe aliniita jikoni akaniambia, "Kijana yangu, twende saiba unifailie ile nil kama kila mwaka." Nikamwangalia. Nikamuuliza, "Mum, na zile bedsita sita za Githurai?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hizo si biashara. Pesa yote inaenda kulipa loni ya SACCO."

Hapo ndipo hii stori inaanza, na naiandika kwa sababu najua wengi wenu ndio "watu wa simu" nyumbani. Siku moja utaulizwa ufanye hesabu ya ploti, na kuna mahali utakosea vile mimi nilikosea.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kodi ni ile mpangaji analipa. Ushuru ni ile serikali inachukua. Bedsita za mathe ziliisha kujengwa Desemba 2023, wapangaji wakaingia Januari 2024. Kila keja ni shilingi 7,000 kwa mwezi. Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: mwaka wa 2024 uliingiza ngapi na ulitumia ngapi?

Nilianza na njia ya mkato. Nikabonyeza *334#, nikaitisha stetimenti ya M-Pesa ya mwaka mzima, nikajumlisha kila kitu kilichoingia. Nikapata 512,000. Nikapiga mahesabu ya haraka: keja sita mara 7,000 mara miezi 12 ni 504,000. Zinakaribiana, si ndio? Nilikuwa karibu kufunga daftari nikalale.

Kilichonishtua ni mzee wa keja namba 1. Huyo mzee hajawahi kutuma M-Pesa. Analipa pesa taslimu, mkononi, kila tarehe tano. Hiyo ni 84,000 kwa mwaka ambayo haiko kwa stetimenti kabisa. Sasa kama 84,000 haiko, mbona jumla ilikuwa kubwa hivyo?

Nikarudi mstari kwa mstari. Kulikuwa na 60,000 ya chama, zamu ya mathe ilipofika. Kulikuwa na 32,000 ambazo anti alituma za matumizi ya nyumbani. Na kulikuwa na 14,000 za dipositi, kutoka kwa wapangaji wawili wapya. Dipositi sio mapato, kwa sababu siku mpangaji akihama unamrudishia. Inageuka kuwa kodi ile siku tu mmekubaliana ikae badala ya kodi ya mwezi wa mwisho.

Ukitoa hizo zote unabaki na 406,000 za kodi zilizopitia simu. Ongeza 84,000 za mzee, unapata 490,000. Na hiyo inaingiana na ukweli wa ploti, kwa sababu keja namba 4 ilikaa tupu Aprili na Mei: 504,000 toa 14,000. Makosa mawili yalikuwa yamefunikana, moja likiongeza na lingine likipunguza. Ndio maana sasa sianzi na simu. Nachora jedwali, keja upande mmoja na miezi upande mwingine, najaza kila kisanduku, halafu simu na daftari la mathe ndio mashahidi. Kisanduku kikikosa shahidi, unauliza.

Sasa matumizi. Mathe alisema SACCO ilichukua karibu kila kitu, na hakuwa anadanganya. Alilipa 320,625. Lakini alikopa 900,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, miezi 48. Kwa hiyo 225,000 ilikuwa kurudisha deni lenyewe, na riba ni 95,625 pekee. Kwa mambo ya ushuru, kinachohesabika kama gharama ni riba. Kurudisha deni ni kurudisha pesa ya wenyewe.

Vilevile tangi jipya la maji na stendi yake, 95,000. Hiyo sio marekebisho. Ni kitu kipya kilichoongezwa kwa ploti, kwa hivyo nilikiweka pembeni. Kubadilisha kufuli na bomba lililopasuka ndio marekebisho, na hayo yalikuwa 18,200. Shida ni kwamba kuanzia Januari 2024 gharama za aina hiyo zinataka risiti ya eTIMS. Duka la vifaa lilitupa za 11,000. Fundi alilipwa 7,200 bila karatasi, zikapotea hivyo. Ongeza kijana wa usafi 48,000 na reti za kaunti 3,600. Jumla ya gharama zinazokubalika: 158,225. Faida: 331,775.

Nikampelekea mathe hesabu kama nimeshinda kombe. Kumbe kazi ilikuwa bado.

Kama wewe ni mkazi wa Kenya na nyumba za watu kuishi zinakuingizia kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, moja kwa moja uko kwa ushuru wa kila mwezi unaoitwa MRI. Ni asilimia 7.5 ya kodi yote uliyopata, bila kutoa hata shilingi ya gharama. Unafailiwa na kulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa mathe hiyo ni 36,750 kwa mwaka. Gharama zangu zote nilizopanga vizuri hazikuwa na kazi hapo.

Na hakuwa amefaili hata mwezi mmoja. Faini ya kuchelewa kufaili ni 2,000 kwa kila mwezi, au asilimia 5 ya ushuru, ile iliyo kubwa. Miezi 12 ni 24,000. Halafu asilimia 5 ya kuchelewa kulipa, na riba ya asilimia 1 kila mwezi juu yake. Mathe aliketi. Akasema tu, "Hiyo ni kodi ya keja tatu na nusu." Alikuwa ameshapiga hesabu kichwani.

Lakini jedwali langu halikuenda bure. Sheria inamruhusu landilodi kumwandikia Kamishna wa KRA kwamba hataki MRI, halafu anatozwa kwa faida kwenye ritani ya mwaka. Mathe hana mshahara wala pato lingine. Kwa faida ya 331,775, ya kwanza 288,000 ni asilimia 10, inayobaki ni asilimia 25, halafu unatoa nafuu ya 28,800. Inakuja karibu 10,944, badala ya 36,750. Kwa 2024 hakuwa ameandika barua, kwa hiyo alilipa ile kubwa pamoja na faini. Barua tuliandika wiki hiyo hiyo.

Usikimbie kumwandikia mzee wako barua kama hiyo kabla hujaangalia payslipu yake. Mtu mwenye mshahara unaofika daraja la asilimia 30, faida hiyo hiyo ingemtoa karibu 99,500. Huyo abaki MRI. Pia riba ya SACCO inapungua kila mwaka, kwa hivyo faida ya mathe itapanda na hesabu lazima irudiwe.

Siku hizi jedwali liko ukutani jikoni. Wiki jana fundi alikuja kurekebisha sinki, na kabla hajafungua begi nikasikia mathe akimuuliza, "Wewe uko na eTIMS?"