Maradhi ya Jumatano

Nilipokuwa nikifundisha michezo katika shule ya kata mkoani Morogoro, wasichana wangu wa kidato cha tatu waliugua kila Jumatano. Huyu tumbo, yule kichwa, mwingine kasahau raba. Wenzangu ofisini walisema ni uvivu. Lakini kengele ya mapumziko ikilia, wagonjwa haohao walicheza rede nyuma ya madarasa, na sketi zao, wakikwepa mpira na kupiga kelele mpaka jirani wa shule analalamika. Kumbe kucheza walikuwa wanataka. Kubadili nguo ndiko kulikowashinda.

Niliwagawia vikaratasi waandike sababu bila jina. Choo hakina komeo. Fulana nyeupe ikilowa inaonyesha ndani. Bukta ni fupi na wavulana wamejazana dirishani. Wengine waliandika neno moja tu: hedhi.

Nikaanza na nguo. Mkuu wa shule alikubali siku ya kipindi waje na trakisuti au bukta ndefu wameivalia ndani ya sketi tangu nyumbani, na fulana ya rangi iliyoiva. Mwenye hijabu abaki nayo, ila aifunge bila pini. Hivyo kubadili kukawa kuvua sketi tu. Fundi akatia makomeo vyooni. Katika dakika 40 za kipindi, 5 za mwisho niliziacha kwa ndoo ya maji na kitambaa, kwa sababu binti anayejua atarudi kukaa na jasho kwenye dawati la watu watatu hawezi kukimbia kwa moyo.

Dakika 10 za mwanzo zilikuwa za rede, aliyebadili na asiyebadili. Timu sikuwaachia manahodha wachague, maana anayebaki mwisho hasahau. Nilihesabu moja, mbili, moja, mbili. Baada ya rede, asiyebadili nilimpa filimbi, lakini si vipindi viwili mfululizo. Filimbi nayo hugeuka maficho.

Mmoja alibaki chini ya mwembe wiki baada ya wiki. Nilimpa saa awapimie wenzake muda wa kuruka kamba. Siku moja akaniuliza, "Madam, naweza kuruka na sketi?"

"Ruka."

Sketi ikamnasa miguuni, akacheka mwenyewe. Tulipokuwa tunakusanya kamba ndipo akasema, "Nikikimbia wananicheka, Madam. Kifua." Basi tulihamishia kamba upande wa ghala, yeye na marafiki wawili aliowachagua, na nikamshauri avae fulana mbili, ya ndani ikiwa ya kubana. Jumatano iliyofuata alikuja na trakisuti ya kaka yake, imekunjwa miguuni.

Netiboli hakuigusa mpaka anamaliza kidato cha nne. Alama za kushiriki nilimpa zote, na mwalimu wa taaluma aliponihoji nilimwonyesha daftari la muda wa kamba, lililoandikwa kwa mwandiko wa binti mwenyewe.