Kuimba Hadi Alfajiri

Mwaka jana, katika kilio cha mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Kasumbalesa, niliiongoza kwaya vibaya. Tulianza saa tatu za usiku. Watu walikuwa wengi, ngoma zilikuwa zimekwisha pashwa moto, nami nikaanza na wimbo mkubwa kuliko yote tuliyo nayo, kwa sauti ya juu na kwa mwendo wa haraka. Saa saba sauti za akina mama zilikuwa zimekauka. Mpiga ngoma alizidi kuharakisha kwa sababu hakubakiwa na kitu kingine cha kuzidisha. Saa tisa tulikuwa kimya, na wafiwa wakabaki na baridi ya mwezi wa saba. Mtoto wa marehemu akaniuliza kwa upole, «Papa, mumechoka?» Sikuwa na la kumjibu.

Kazi yangu ni kutayarisha karatasi za forodha mpakani. Wiki chache baadaye nilimpelekea karatasi dereva mmoja mzee, Mtanzania wa Tanga, ambaye lori lake la shaba lilikuwa na siku ya nne katika msururu. Upande wa mama yake ni Wapunjabi. Ndani ya lori alikuwa akisikiliza sauti ya mwanamume mmoja ikipanda juu ya makofi na sauti za wenzake, na wimbo haukuwa na dalili ya kwisha. Alikuwa Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani, aliyefariki mwaka 1997.

«Mzee, watu hawa huimba usiku kucha?» nikamwuliza.

«Usiku kucha, ndugu yangu. Ila usiwahukumu kwa dakika tano za mwanzo. Karibu uketi.»

Niliketi, na jioni iliyofuata nikarudi.

Uimbaji huo huitwa kawali, na asili ya jina ni lile neno la Kiarabu lililotupa sisi «kauli». Ni ibada ya Waislamu wa njia ya Kisufi huko India na Pakistani, hasa wale wa tarika ya Chishti. Wao humtaja Amir Khusrau, mshairi wa Delhi aliyefariki mwaka 1325, kuwa baba wa sanaa hiyo. Si Waislamu wote wanaokubali ala za muziki katika ibada, na mzee hakunificha jambo hilo. Maneno ya nyimbo si ya imani yangu, wala sikuyaelewa. Nilichokuwa nikitafuta ni jinsi moto wao unavyodumu.

Kikundi huwa na watu wapatao tisa, nao huketi chini kwa safu mbili. Mbele hukaa kiongozi na mwimbaji mmoja au wawili wa kumsaidia, pamoja na vinanda vidogo ambavyo mkono mmoja huvuta hewa na mwingine hubonyeza. Nyuma hukaa mpiga tabla, na mara nyingi dholaki, ngoma yenye ngozi pande mbili, na waitikiaji wanaopiga makofi. Angalieni jinsi kazi ilivyogawanywa. Kiongozi akimaliza ubeti, msaidizi huupokea, naye kiongozi hupumzisha koo. Waitikiaji huwa na kiitikio kifupi tu. Hakuna anayebeba usiku mzima peke yake. Katika kilio kile mimi niliwaagiza wote waimbe beti zote.

Vinanda hutangulia bila maneno. Kisha kiongozi huimba peke yake, polepole, bila ngoma, akivuta sauti ndefu kana kwamba anaupima mlango kabla ya kuufungua. Ndipo ngoma huingia kwa mwendo wa wastani, na makofi huangukia pigo lenye uzito. Wimbo mmoja huweza kupita dakika 20.

Nilidhani moto huletwa na kasi. Mwendo huongezeka kweli, lakini kidogo kidogo mno, hata msikilizaji hajui ni lini ulibadilika. Kinachofanya kazi kubwa zaidi ni umbali kati ya mwito na jibu. Mwanzoni kiongozi huimba ubeti mzima ndipo wenzake waitikie. Baadaye huimba nusu ya mstari, nao hujibu nusu. Mwishoni huwarushia neno moja, nao hulirudisha neno hilo hilo mara moja, na nafasi ya kuvuta pumzi hupungua kwa wote, wasikilizaji pamoja nao. Wakati huo huo sauti ya kiongozi hupanda. Lakini noti ya juu kabisa huificha kwa muda mrefu. Huikaribia, hushuka, huikaribia tena, na anapoifikia watu wamekwisha kuingoja.

Zaidi ya hayo, akifika kileleni habaki hapo. Hukirudia kiitikio chote kwa utulivu, au huingiza ubeti wa shairi jingine, pengine wa lugha nyingine, unaolifafanua lile neno. Kisha kupanda huanza upya, kutoka mahali pa juu kidogo kuliko pale pa kwanza. Kikundi kibaya, alisema mzee, utakitambua mapema: makofi yanaikimbia ngoma, waitikiaji wanamfunika kiongozi, na baada ya robo saa hawana pa kwenda. Nilijiona mwenyewe katika maneno hayo, nikanyamaza.

Lakini neno lililonishika zaidi ni takriri. Ninyi mnaosoma mashairi mnalijua: ni kurudia. Kiongozi wa kawali huimba akiwatazama wasikilizaji usoni. Mmoja akiguswa na mstari fulani, akalia au akainuka, kiongozi huurudia mstari huo kwa ajili yake. Na mtu akizama kabisa katika kile wanachokiita hali, waimbaji hawana ruhusa ya kuusogeza wimbo mbele mpaka atulie. Husimuliwa kwamba Qutbuddin Bakhtiyar Kaki, mtakatifu wao wa Delhi katika karne ya 13, alizama hivyo kwa siku kadhaa katika ubeti mmoja, akafa nao. Basi urefu wa wimbo hauamuliwi na mwimbaji peke yake. Yule anayeguswa ndiye anayeushika.

Mzee alivuka mpaka siku ya sita. Mwezi wa kumi tulipata kilio kingine. Nilichagua waongozaji watatu wapokezane, nikawaomba wengine waimbe viitikio tu, nikaiacha ngoma chini hadi saa tano. Wengine walinung'unika kwamba kwaya imepoa, na kusema kweli ilikuwa imepoa. Saa sita watu kadhaa walikwenda nyumbani. Pia nilikosea mara moja, nikafupisha mwito mapema mno, ikatubidi kushuka na kuanza tena.

Karibu na saa kumi, tukiwa katika litania, mjane aliyekuwa ameketi ukutani tangu jioni bila chozi alianza kuitikia kwa sauti, huku akijipiga kifua. Orodha yangu ilinitaka niendelee na jina lililofuata. Nilimtazama mwongozaji, naye akanitazama. Tukalirudia jina lile lile, kwaya ikamjibu, tukalirudia tena, ngoma ikiwa chini. Sikuhesabu mara ngapi. Alipokwisha kulia alijifuta uso kwa kitenge, akanyosha mkono kuomba maji, nasi tukaenda kwenye jina la pili.