Babu Anajitoa Kundini

Mjukuu wangu,

Daktari ameshauri macho yangu yatunzwe mjini, na mama yako mkubwa amenitengea chumba kwake Dar es Salaam. Ijumaa nikiondoka hapa Mandawa nitajitoa pia kwenye lile kundi la WhatsApp la wakulima wa korosho na ufuta, maana herufi zake siku hizi nazisoma kama mtu anayetafuta sindano gizani. Nimemwomba msimamizi akuingize wewe. Umemaliza chuo cha kilimo na unajua mengi kuliko mimi, niliyeanza ubwana shamba kwa baiskeli na daftari. Ila humo ndani wamo watu zaidi ya 900 wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na hakuna hata mmoja aliyeiona stashahada yako.

Zamani tulijuana kwa redio. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam kulikuwa na watuma salamu ambao hatukuwahi kuwaona sura, lakini likitajwa jina na mahali anapotoka, nyumba nzima inasema, "Huyo naye hakosekani!" Walinunua kadi, wakazijaza kwa mkono, wakazituma wiki baada ya wiki. Hawakuwa na cheo chochote. Walikuwa na jina lile lile, kutoka mahali pale pale, likirudi kila mara. Kundini ni hivyo hivyo, isipokuwa huku salamu hazitoshi. Picha za maua zenye "asubuhi njema" watu huzipitisha kwa kidole kama wanavyofukuza nzi.

Basi anza na jina lenyewe. Asiyeihifadhi namba yako akipokea ujumbe wako kundini huona namba, halafu kialama cha ~ na jina uliloliandika kwenye wasifu wako. Wengi wameandika "Mungu ni Mwema" au "Mtoto wa Mama", halafu wanashangaa kwamba hakuna anayewakumbuka. Nafasi ni ya herufi 25 tu, zikiwemo nafasi tupu. Andika jina unaloitwa, kazi na mahali, basi. Ukishaliandika usilibadilishe, wala usibadilishe picha kila sikukuu. Mtu akihangaika kukutambua upya, kile ulichokijenga miezi mitatu kinaanza sifuri.

Sasa nikueleze kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu ndicho kilichonifanya nijulikane humo.

Mwezi wa 7 wa msimu mmoja, mama mmoja wa upande wa Nachingwea aliweka picha ya mkorosho, imepigwa kutoka mbali, ncha za matawi zikionekana zimekauka. Akaandika: "Jamani mikorosho yangu inanyauka maua, nipige dawa gani?" Hazikupita dakika kumi, majibu yalikuwa ishirini na zaidi. Karibu yote yalisema piga salfa. Wawili walimwambia aje inbox, nao walikuwa wauza dawa. Mmoja aliweka matokeo ya Namungo. (Siku ya mechi ya Namungo, mjukuu wangu, usiulize wala usijibu jambo la maana kabla ya saa mbili usiku.)

Ushauri wa salfa haukuwa wa kijinga. Majira hayo ya umande ndiyo ya ubwiriunga, na kila mtu hapa anaujua mzunguko wake: takribani gramu 250 za unga kwa mkorosho mkubwa, alfajiri kabla upepo haujaamka, kisha unarudia baada ya siku 14. Lakini salfa hutibu ubwiriunga tu. Kama tatizo ni lingine, yule mama angemwaga fedha yake hewani huku maua yakiendelea kufa.

Mimi sikumjibu dawa. Niliutelezesha ujumbe wake kulia ili jibu langu libebe swali lake, kwa sababu katika msongamano ule jibu lisiloshikamana na swali ni kelele. Nikamuuliza mambo matatu. Akilipitisha ua kwenye kidole, je, linaacha unga mweupe? Kwenye chipukizi laini la kijani, chini kidogo ya ua, kuna madonda? Na anaweza kupiga picha nyingine, karibu, ameshika chipukizi kwa mkono ili tuone ukubwa wake?

Picha ilikuja jioni. Unga hakuna. Chipukizi lilikuwa na madonda meusi marefu, yamedidimia kidogo kama yaliyounguzwa na sigara, na ncha juu ya madonda hayo imekauka. Huyo ni mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza utomvu wa machipukizi mateke. Jina linawapotosha watu, maana si mbu wa malaria, na salfa haimwui.

Nikaandika sentensi nne. Ya kwanza ilisema nilichokiona kwenye picha. Ya pili ilisema picha haionyeshi kama shamba zima limeshambuliwa au ni miti michache ya pembeni, kwa hiyo atembee akague. Ya tatu ilimtaka atazame kama mikorosho yake ina maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, kwa sababu wao humwinda mdudu huyo na sumu ikipigwa ovyo huwamaliza wao kwanza. Ya nne ilimwambia kwamba kwenye miti iliyoshambuliwa sana atumie kiuatilifu cha maji kilichosajiliwa kwa wadudu wa korosho, kipimo kama kilivyo kwenye lebo, na akimwona afisa ugani wake amwonyeshe chipukizi lenyewe, si picha.

Hapo wengi humaliza. Mimi baada ya wiki moja niliurudia ule ujumbe mbele ya watu wote: "Mama, machipukizi yaliyotoka juzi yana madonda mapya?" Akajibu kwamba miti sita tu ndiyo iliyokuwa imeshambuliwa na mapya yanatoka safi. Mjukuu wangu, jibu la kwanza lilisomwa na waliokuwa na mikorosho inayonyauka. Lile swali la wiki ya pili lilisomwa na kundi zima, kwa sababu halijazoeleka.

Utajuaje kwamba sasa unajulikana? Usihesabu vidole gumba. Siku utakapokuta mtu usiyemfahamu ameuliza jambo, na mwingine usiyemfahamu amekutaja kwa alama ya @ akisema "msubiri huyu", hapo jina lako limeanza kutembea bila wewe. Ndipo pia hatari inapoanza, maana watakutaja hata kwa ng'ombe, kesi za mirathi na malipo ya AMCOS. Mimi nilijifunza kujibu, "Hili si langu," kisha namtaja anayelijua. Kila nilipofanya hivyo, majibu yangu ya korosho yalizidi kuaminiwa, na yule niliyemtaja naye akapata jina.

Wengi humo husomewa na watoto wao. Kwa hao tuma ujumbe wa sauti, usizidi dakika moja, lakini chini yake andika mstari mmoja: "Mbu wa mikorosho, dalili na la kufanya." Mtu akija kutafuta kundini msimu ujao, simu humtafutia maneno yaliyoandikwa. Ulichokisema kwa sauti peke yake kimezama.

Nisikufiche, nilishawahi kulichafua jina hili mwenyewe. Nilipokea ujumbe kwamba salfa ya ruzuku ingegawiwa Jumatatu kwenye ghala fulani, nikausambaza palepale kwa sababu nilitaka niwe wa kwanza. Haukuwa na tarehe. Ulikuwa wa msimu uliopita, mtu kaufufua. Wamama wawili walitembea kwa miguu na watoto mgongoni wakakuta kufuli. Mmoja akaandika kundini, kwa adabu iliyouma kuliko matusi: "Babu, tumefika, hakuna mtu."

Vijana walinishauri niufute. Sikuufuta, kwa kuwa walioudaka walikuwa wameshausambaza kwingine, na kufuta kungenificha mimi tu bila kuwasaidia wao. Niliushikilia ule ule nikaujibu: nimekosea, ujumbe ni wa zamani, naomba kila aliyeupeleka kwingine apeleke na masahihisho haya. Kisha nikawapigia wale wamama. Ilichukua karibu msimu mzima kabla sijatajwa tena. Usisahau pia kwamba tangu 2015 ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao, na kusambaza taarifa za uongo humo si mzaha.

Tangu hapo habari yoyote ya mnada haitoki mkononi mwangu bila vitu hivi: tarehe, chama kikuu (kwetu ni RUNALI), ghala, daraja la korosho, bei ya juu na bei ya chini. Bei ya juu peke yake ni uchochezi. Mkulima huisoma, huizidisha kwa kilo zake, halafu akilipwa baada ya makato anadhani karani kamwibia. Nikikosa kimoja kati ya hivyo, nanyamaza, hata kama wengine wameshatangaza. Kuna wakati nilikuwa wa tano kutoa bei, na bado watu walisubiri ya kwangu ndipo wakaamini.

Jambo la mwisho ni la wezi. Jina likishaaminiwa lina thamani, na kile kialama cha ~ yeyote anaweza kukifuatisha na jina lako na picha yako. Kuna aliyejifanya mimi akawaomba watu shilingi 20,000 za "kuwahi viuatilifu". Aliyewaokoa ni mzee mmoja aliyetazama namba badala ya jina. Kwa hiyo siku ya kwanza ukiingia waambie hutaomba fedha kundini wala inbox kamwe, na wakiombwa watazame namba. Weka uthibitishaji wa hatua mbili. Zile tarakimu sita zinazokuja kwa meseji usimpe mtu, hata akisema ni mimi.

Siku ya kuingia usijitambulishe kwa vyeti. Sema wewe ni mjukuu wangu, taja kijiji, kisha kaa kimya wiki mbili usome. Utawajua wenye maarifa ambao hawaandiki sana, hasa wale akina mama wa ufuta. Usinirithi ukali wangu wa kusahihisha tahajia za watu.

Daftari langu la jalada la bluu liko juu ya kabati, chini ya mkeka uliokunjwa. Nimeandika humo kila swali nililojibu, tarehe, na kilichotokea baadaye. Ukurasa wa mwisho kuna maswali matatu ambayo sijayarudia. La pili ni la kijana wa Liwale, mikorosho yake michanga ilikuwa ikikauka upande mmoja. Nilimwambia anitumie picha ya shina, akatuma usiku niliokuwa hospitali. Anza na huyo.

Babu yako,
Mandawa