Fanaa kando ya barabara ya Mombasa

Mjomba wangu aliziba pancha Kibwezi, kando ya barabara kuu, mahali ambapo malori ya Mombasa na Nairobi yalisimama usiku kucha. Alikuwa amesoma Lamu katika ujana wake, kwenye darasa za Riyadha, msikiti ulioasisiwa na Habib Saleh. Kutoka huko alikuja na Ratibu ya Haddad, uradi uliotungwa na Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, aliyefariki mwaka 1720. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa tuliisoma nyuma ya duka, juu ya mikeka iliyonuka gundi na mpira. Walikuja madereva, Wakamba wachache waliosilimu na wafanyakazi wa mashamba ya mkonge.

Mahali pa kurudia “La ilaha illa Llah” mara hamsini ndipo sauti zilipokolea, na usiku mmoja kijana mmoja, utingo wa lori, alikwenda na sauti hizo. Macho yalimgeuka, akaanguka ubavuni. Mjomba hakusimamisha uradi wala hakumwagia maji. Alimsogezea mto tu. Alipozinduka isha ilikuwa inakimiwa, naye akasimama kwenye safu huku machozi yakimtoka.

“Mwanangu, nenda katawadhe,” Mjomba akamwambia.

“Maalim, mimi nilikuwa kwa Mola.”

“Huenda. Lakini akili ilikuondoka, na udhu ukaenda nayo. Kisima kile pale.”

Wengine walicheka kidogo. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilidhani Mjomba amemvunjia kijana heshima. Baada ya sala akatukalisha, akatusimulia habari ya Yusuf na wanawake wa mjini. Walipomwona walikata mikono yao kwa visu bila kuhisi. Kushairi, mwanachuoni wa Nishapuri aliyefariki mwaka 1072, aliitumia habari hiyo kueleza fanaa: ikiwa uzuri wa kiumbe unamsahaulisha mtu kidole chake, je, anayeshuhudia utukufu wa Muumba? Mkono upo, kisu kipo, damu inatoka. Kilichotoweka ni ile hali ya mtu kujiona. Basi wanaosema mja anageuka kuwa Mungu, akasema Mjomba, hawakuisoma habari hii. Hakuna mwanamke aliyegeuka Yusuf.

Kisha akatuuliza: mbona mke wa Azizi hakujikata? Tulinyamaza. Alikuwa ndiye mwenye mapenzi makubwa kuliko wote pale. Masufi hujibu kwamba yeye alikwishazoea kumwona, ameimarika, na kuona hakumwangushi tena. Hapo ndipo Mjomba alipomtazama yule kijana kwa upole. Kuanguka ni hali ya mgeni, akasema. Mwenyeji huona yale yale, akabaki ameshika kisu chake vizuri, akamenya tunda.

Huko kubaki masufi hukuita bakaa, na Junaidi wa Baghdadi, aliyefariki mwaka 910, ndiye aliyekusisitiza zaidi: mtu arudishwe kwa watu akiwa na akili timamu, atimize wajibu wake. Husimuliwa kwamba mwenzake, Nuri, alisimama msikitini siku kadhaa akilitaja jina la Mwenyezi Mungu bila kula, ila kila wakati wa sala ulipoingia aliswali. Watu wakasema basi huyo hajazama, anajua saa. Junaidi akawakatalia: aliyezama kweli huhifadhiwa, asipitwe na faradhi. Nimelifikiria jibu hilo miaka mingi na bado naliona gumu, maana kwa fikihi ya Shafi ya pwani yetu, aliyezimia hana lawama kwa sala iliyompita. Sheria inamsamehe, masufi wanamtaka zaidi ya msamaha.

Kabla hatujaondoka dereva alipiga honi barabarani. Tairi la nyuma lilikuwa limepasuka. Mjomba aliikunja misbaha mfukoni, akachukua jeki. Yule kijana akamfuata, na wakiwa wamelala chini ya lori nikamsikia akimwuliza, “Maalim, wewe umewahi kufika?”

“Kamwulize mke wangu.”

Nilidhani ni mzaha, lakini asubuhi, wakati wa chai, kijana aliuliza kweli. Mkewe Mjomba alikuwa akipepeta ndengu. Hakujua kwamba Kushairi naye huanzia hapo hapo, kwenye kufutika kwa tabia mbaya, kabla ya mambo ya kuzama.

“Zamani chumvi ikizidi alirusha sahani,” akasema. “Sasa anakula, ananyamaza. Ila usimguse anapohesabu pesa.”

Mjomba alikuwa mlangoni, anahesabu pesa.

“Nimesikia,” akasema.