Video ya Sehemu Iliyokwenda kwa Watalii

Katika kipindi cha mazoezi ya kufundisha nilipanda basi asubuhi na mapema kutoka Kilosa, nikapitia Ulaya, nikateremka Mikumi kwenda kumkagua mwanachuo wangu mmoja aliyekuwa akifundisha Hisabati Darasa la Tano. Somo la siku hiyo lilikuwa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Aliandika ubaoni 1/2 + 1/3, akamwita mtoto wa dawati la mbele. Mtoto akajumlisha kiasi na kiasi, kisha asili na asili, akapata 2/5. Mwanachuo akasema, "Siyo hivyo," akafuta, akaandika kanuni ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika, na darasa zima likanakili. Hakuna aliyejua kosa la yule mtoto lilikuwa wapi, na naogopa kwamba hata mwalimu wake hakujua.

Jambo lililoniuma ni kwamba mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimetengeneza video ya dakika 7 juu ya kosa hilo hilo. Ndani yake nakata utepe wa karatasi, naonyesha nusu yake, kisha naonyesha kwamba 2/5 ya utepe huo ni fupi kuliko ile nusu tuliyoanza nayo. Mtu hawezi kuongeza kitu akabakiwa na kidogo kuliko alichokuwa nacho. Mtoto akiisha kuliona hilo kwa macho, huwa tayari kuuliza njia nyingine. Nilikuwa nimeiweka video hiyo YouTube, nikawaambia wanachuo waitafute kabla ya kwenda mazoezini.

Baada ya kipindi nilimwuliza kama aliitazama.

"Niliitafuta, Mwalimu, sikuiona," alinijibu kwa adabu. "Niliandika *kujumlisha sehemu*, haikutokea. Nikaandika *fractions*, zikaja za Wahindi na Wamarekani. Nikaacha."

Niliporudi Kilosa nilifungua ukurasa wa ripoti ambao YouTube humpa kila mwenye video. Video ilikuwa imefunguliwa mara 140 hivi, wala sikuona huo kuwa mwanzo mbaya. Lakini nilipotazama muda wa wastani, nilikuta sekunde 31. Nilipotazama nchi za watazamaji, nilikuta Uingereza, Ujerumani na Marekani zikiifuata Tanzania kwa karibu. Nani Mjerumani anayetaka kujua namna ya kumfundisha mtoto wa Darasa la Tano kujumlisha sehemu kwa Kiswahili? Jibu lilikuwa katika kichwa nilichokiandika mwenyewe: *Mikumi BTP: Adding Fractions Std 5*. Duniani kote neno Mikumi linajulikana kwa sababu ya Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Mtu anayepanga safari ya kutazama tembo huandika neno hilo, na maneno mengine ya kichwa changu yalikuwa ya lugha yake. Akaifungua, akamwona mkufunzi na mkasi, akaondoka.

Hapa inafaa tujue kidogo jinsi mtambo huo unavyochagua. Mwaka 2016 wahandisi watatu wa Google, Paul Covington, Jay Adams na Emre Sargin, walichapisha makala ya kueleza mtambo wa mapendekezo wa YouTube ulivyokuwa wakati huo. Kazi yake iligawanywa katika hatua mbili. Kwanza, kutoka katika mamilioni ya video, huchujwa mamia machache yanayoelekea kumfaa mtazamaji. Na katika hatua hiyo, pamoja na yale aliyokwisha kuyatazama na kuyatafuta, hutumika pia eneo alipo na aina ya chombo anachotumia. Kisha mamia hayo hupangwa kwa kukadiria mtazamaji atakaa na kila video kwa muda gani. Katika mpango huo, miongoni mwa mambo mengi, lugha ya mtazamaji huwekwa karibu na lugha ya video. Mtambo umebadilishwa sana tangu mwaka huo, lakini mambo haya matatu, yaani eneo, lugha na muda wa kukaa, yanatosha kueleza yaliyonipata.

Tuanze na lugha ya video. Mwenye video huweza kuchagua lugha moja katika nafasi iitwayo *Video language*. Hakuna nafasi ya kuandika kwamba anayesema ni Mtanzania mwenye diploma. Katika ile dakika ya kwanza nilisikika nikisema, nami naandika kama nilivyotamka: "Sasa wanachuo, tukishapata komoni dinomineta tunaadi numereta tu, dinomineta inabaki konstanti." Sentensi hiyo si ya Kiingereza, wala Kiswahili chake hakimsaidii mtoto anayesoma *kiasi* na *asili* kitabuni. Nami nilikuwa nimechagua Kiingereza, kwa kuwa ndivyo fomu ilivyonijia na sikuijali. Basi video ikawekwa katika kapu la Kiingereza, ishindane na maelfu ya masomo ya sehemu yaliyotengenezwa na watu wenye studio.

Jambo la pili ni lugha ya mtazamaji, na hili lilinishangaza zaidi. Niliwaomba wanachuo wa darasa langu watazame mipangilio ya simu zao. Karibu wote walikuwa na simu zinazosema Kiingereza, jinsi zilivyotoka dukani, ingawa wao wenyewe huota ndoto kwa Kiswahili. Kwa hiyo kijana wa Mikumi anayeongea Kiswahili kutwa nzima huweza kuhesabiwa na mashine kuwa msomaji wa Kiingereza. Mashine haimsikii akiongea. Huona simu yake, maneno anayoyaandika na yale aliyokwisha kuyatazama.

Nalo eneo tusilielewe vibaya. Sisi tukisema eneo tunafikiri wilaya au tarafa. Kwa mashine, eneo lenye maana ni nchi. Simu iliyo Mikumi huingia mtandaoni kupitia mitambo ya kampuni ya simu, na mara nyingi mashine hudhani mwenye simu yuko Dar es Salaam. Kwa hiyo kuandika jina la Kilosa au Mikumi katika kichwa cha video hakuifikishi video kwa walimu wa Kilosa au Mikumi. Humfikia anayelitafuta jina hilo, naye kwa Mikumi ni mtalii.

Nilianza kurekebisha kwa kuondoa neno Mikumi. Kichwa kipya kikawa *Kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, Darasa la 5*. Katika nafasi ya tafsiri niliongeza kichwa cha Kiingereza, kwa maana YouTube huruhusu kichwa kimoja kiwe na tafsiri, na mwenye simu ya Kiingereza huonyeshwa ile tafsiri. Kwa njia hiyo sikulazimika kuchanganya lugha mbili katika mstari mmoja ili kuwapata wote. Lugha ya video nikaibadili kuwa Kiswahili.

Kisha nikaja kwenye manukuu, yaani maandishi yapitayo chini ya picha. Video ilipokuwa bado katika kapu la Kiingereza, mashine ilikuwa imeyaandika yenyewe, nami sikuwahi kuyatazama. Nilipoyatazama niliona aibu. Mashine ilisikiliza Kiswahili changu kwa masikio ya Kiingereza, na kila niliposema *asili* iliandika *a silly*. Mwalimu aliye katika chumba cha walimu chenye kelele, asiyeweza kufungua sauti, alikuwa akiusoma upuuzi huo. Ndugu mwanachuo, ukitaka kujua kama mashine imekosea lugha ya video yako, njia nyepesi ni hii: soma manukuu yake ya dakika ya kwanza. Yakiwa ni maneno halisi ya lugha isiyo yako, yaliyopangwa bila maana, basi imekuweka kapu lisilo lako.

Niliyaandika upya kwa mkono. Ni faili la maandishi tu, kila kipande na namba yake, saa ya kuanza na ya kuisha, kisha maneno:

```
1
00:00:00,000 --> 00:00:05,500
Leo tunajumlisha sehemu zenye asili tofauti.

2
00:00:05,500 --> 00:00:11,000
Je, 1/2 na 1/3 zinaweza kuwa 2/5?
```

Dakika 7 zilinichukua alasiri nzima ya Jumamosi. Nilipofika kwenye zile komoni dinomineta nilikwama. Nikiandika *asili ya shirika*, maandishi yatasema jambo moja na mdomo jingine. Nikiandika nilichotamka, nimeharibu manukuu ya Kiswahili. Hatimaye niliacha kuandika, nikarekodi somo lote upya. Katika video ya pili nasema *asili* na *kiasi* tangu mwanzo hadi mwisho, na istilahi za Kiingereza nazitaja mara moja tu, mwishoni, kwa ajili ya mwalimu atakayeulizwa na mzazi mwenye mtoto katika shule inayofundisha kwa Kiingereza.

Nisiwadanganye kwamba manukuu peke yake huisukuma video mbele. YouTube yenyewe inaeleza kwamba katika kutafuta hulinganisha maneno ya mtafutaji na kichwa, maelezo na yaliyomo ndani ya video, kisha hutazama kama watu waliokuja kwa maneno hayo walikaa. Faida kubwa niliyoiona mimi ni kwamba manukuu sahihi humfanya mwalimu asiye na sauti asiondoke, na kukaa kwake ndiko kunakohesabiwa.

Katika mwezi wa kwanza video ya pili ilifunguliwa mara chache kuliko ile ya watalii, lakini muda wa wastani ulipita dakika 4. Wengi walikuwa wa Tanzania, na Kenya ikafuata. Ni sehemu gani ya mabadiliko haya iliyotokana na kichwa, ipi na manukuu, na ipi na kusema lugha moja, siwezi kutenganisha, kwa kuwa nilibadili yote kwa pamoja. Hilo ni kosa la mtafiti, na ningempunguzia alama mwanachuo ambaye angelifanya.

Tulifanya jaribio dogo darasani. Simu mbili zisizoingizwa katika akaunti yoyote, mtandao mmoja, maneno yale yale *kujumlisha sehemu*. Moja tukaibadili iseme Kiswahili. Katika simu ya Kiswahili video yetu ilikuwa ya pili kutoka juu. Katika ile ya Kiingereza ilitubidi tushuke hadi tukaanza kuchoka. Mwanachuo mmoja akapendekeza tuwape tu wenzetu anwani ya video kwa ujumbe wa simu, yaishe. Kwa wanachuo wangu wa mazoezini ndivyo nifanyavyo sasa. Lakini mwalimu wa Ulaya au Kidodi asiyenijua hana namba yangu; ana simu yake na maneno atakayoyaandika usiku akitengeneza andalio la somo.

Nilirudi Mikumi wiki ya mwisho ya mazoezi. Mwanachuo yule alikuwa amekata utepe wa gazeti, na yule mtoto wa dawati la mbele ndiye aliyeshika ncha ya pili.