Hesabu ya Herufi Kabla ya Kukata Kitambaa

Hapa Pasiansi tunashona mapazia ya jukwaa la harusi yenye maneno ya herufi za satini. Bibi harusi wengi hutuletea sentensi yao mkononi, na kabla ya mkasi kugusa kitambaa, tunahesabu kila herufi inatakiwa mara ngapi. Herufi moja ikipungua usiku wa hina, hakuna duka lililo wazi la kununua satini ya rangi ile ile.

Tuchukue maneno haya: KARIBU NYUMBANI BIBI HARUSI.

Kwanza tunahesabu kila neno peke yake na kuandika idadi chini yake: 6, 8, 4 na 6. Jumla ni herufi 24. Namba hiyo tunaizungushia duara.

Kisha tunaanza kushoto na kwenda kulia mara moja tu. Kila herufi tunaikata kwa kalamu, na hapo hapo tunaweka kijiti mbele ya jina lake kwenye orodha. Hatutafuti A zote kwanza, halafu B zote, kwa sababu kila unaporudia sentensi macho yanaruka. Sehemu hatari hapa ni NIBIBI, pale neno NYUMBANI linapokutana na BIBI. Herufi zinafanana, na aliyepoteza mahali anaweza kurudia au kuruka. Kalamu ndiyo inayokuonyesha ulipofika. Na NY, ingawa sikio linasikia sauti moja, ni herufi mbili za kukata.

Tunapata I 5, B 4, A 3, U 3, R 2, N 2, kisha K, Y, M, H na S moja moja. Ukijumlisha unapata 24, sawa na duara letu.

Lakini jumla haitoshi. Ukiweka kijiti cha I kwenye mstari wa B, jumla bado ni 24. Kwa hiyo tunapiga makofi kwa silabi: ka-ri-bu, nyu-mba-ni, bi-bi, ha-ru-si. Makofi ni 11, na kila kofi lina irabu moja. I 5, A 3 na U 3 ni 11 pia, hivyo irabu na konsonanti hazijachanganyika. Angalia tu maneno kama mtoto: m ya mwanzo ina kofi lake lakini haina irabu, basi kofi hilo liondoe.

Bado I na A zinaweza kubadilishana bila makofi kujua. Dawa yake ni mtu wa pili kuhesabu upya kutoka kulia kwenda kushoto, kwenye karatasi safi, bila kuona orodha ya kwanza. Orodha mbili zikilingana mstari kwa mstari, ndipo tunakata.